Mwenzako akikaa nyuma ya darasa, aandike nini? Uchambuzi wa barua pepe ya mwalimu

Masieda ni kata ya Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, kwenye nchi ya Wairaqw. Mtoto anayezungumza Kiiraqw nyumbani hafiki shuleni akiwa mgeni wa upatanisho, kwa sababu lugha yake, ya jamii ya Kikushi, hugawa nomino kwa jinsia tatu na kitenzi hufuata jinsia ya kiima. Kigeni kwake ni mgawanyo wa ngeli za Kiswahili, na mgawanyo huo ataujua kwa maelezo ya mwalimu.

Barua pepe ifuatayo imetungwa kama kielelezo. Mwalimu wa Kiswahili wa kata hiyo anamwandikia mwenzake:

"Habari za kazi, Mwalimu. Naomba wiki ijayo uje kwenye kipindi changu cha darasa la tano, nami nije kwako wiki inayofuata. Nitafundisha upatanisho wa nomino na kitenzi. Niangalizie jambo moja tu: maneno ninayotumia kueleza kanuni, na kama wanafunzi wanaweza kuitumia kwa nomino ambayo sijaitaja. Usinipe alama. Tukimaliza, tukae sisi wawili tu."

Nguvu ya barua hii iko kwenye ufinyu wa ombi. Mwalimu akiandika tu "njoo uone ninavyofundisha", mwenzake atarudi na maoni kuhusu sauti, ubao na nidhamu ya darasa, na sarufi haitaguswa. Hapa mtazamaji anajua cha kufanya kwa dakika 40: achore safu tatu, yaani saa, maneno ya mwalimu kama yalivyotamkwa, na jibu la mwanafunzi. Maoni yake asiyaandike humo. Sentensi mbili za mwisho za barua nazo zina kazi, kwani mwalimu anayehofia kukaguliwa atarudia somo ambalo darasa limeshalizoea, na udhaifu wa maelezo hautaonekana.

Tuseme karatasi imejazwa. Mwalimu amesema: "Angalieni mwanzo wa nomino. Ikianza na ki, kitenzi nacho kinaanza na ki." Ametoa mifano ya kiti kimevunjika na kikombe kimevunjika. Ameuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima limeitikia, "Ndiyo, Mwalimu!" Dakika chache baadaye mwanafunzi anapewa neno kiboko, naye anasema, "Kiboko kimelala."

Safu hizo zikisomwa pamoja, kosa linaonekana lilikoanzia: mtoto ameitii kanuni kama alivyopewa. Mwalimu amechanganya njia mbili za kupanga ngeli, ile inayotazama umbo la nomino na ile inayotazama kiambishi cha upatanishi kwenye kitenzi. Kwa kiti njia hizo zinakutana. Kwa kiboko na kijana zinaachana. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu ameanguka na mti umeanguka: mwanzo ni mmoja, upatanisho ni tofauti.

Kwenye kikao cha baadaye mtazamaji asianze na "ulikosea hapa". Asome safu ya kati, kisha aulize: mtoto aliyesikia sentensi hii tu angejibu nini kwa neno kiboko? Mwenye somo ataliona pengo mwenyewe, na hapo wawili hao wataandika maelezo upya. Swali la kwanza liwe: je, ni mtu, mnyama au mdudu? Kama ndiyo, kitenzi kinachukua a- katika umoja na wa- katika wingi, hata nomino ianze vipi. Kama sivyo, ndipo tutazame umoja na wingi wake: kiti na viti, mti na miti.

Hata hapa maneno yanahitaji uangalifu. Mwalimu akisema "kiumbe hai" badala ya "mtu, mnyama au mdudu", mtoto aliyefundishwa kwenye sayansi kwamba mti ni kiumbe hai ana haki ya kuandika "mti ameanguka". Tena kanuni hii ni ya kitenzi peke yake, maana twasema "rafiki yangu amefika": kitenzi kimechukua a-, lakini kimilikishi hakikusema "wangu". Mpaka huo utajwe mapema, kabla mtoto hajaivusha kanuni isikofika.

"Ndiyo, Mwalimu" ya darasa zima haithibitishi lolote. Kipimo kizuri ni neno ndege. Mwanafunzi atunge sentensi mbili, moja ya ndege wa porini na nyingine ya ndege ya abiria. Akisema ndege ametua kwa wa kwanza na ndege imetua kwa ya pili, ameshika kanuni, maana mwanzo wa neno haukumsaidia chochote.

Kipindi kimoja hakitoshi kuonyesha kama maelezo mapya yamekaa. Kwa hiyo mtazamaji arudi kwenye darasa hilohilo baada ya wiki chache, akiwa na nomino nyingine ambazo hazijafundishwa, na safu zake tatu zilezile.