Kidaka cha Mnazini, Kidaka cha Ukutani

Mimi ni mtoto wa shamba la minazi. Kabla sijajua kusoma nilikwisha kuijua safari ya nazi: hutoka kwenye upunga ikawa kidaka, ikawa kitale, ikawa dafu, ikawa koroma, ndipo ikawa nazi ya kukuna. Basi siku nilipofungua shairi la Al-Inkishafi kwa mara ya kwanza na kukutana na neno zidaka, sikumuuliza mtu. Nilijua kwamba Kiamu husema zi- pale sisi tunaposema vi-, nikaandika pembeni mwa ukurasa kwa penseli: "nazi changa". Nikaendelea kusoma, roho imetulia.

Utulivu ule haukufika mbali. Nazi zangu changa zilikuwa zimezungukwa na nyumba na sahani, kisha nikaambiwa kuwa humo ndimo wanamolala makinda ya ndege. Kidaka cha mnazi ni kidogo, kigumu, hakina tundu. Kinda atalala wapi? Hapo nilikuwa na njia mbili: kusema kwamba mshairi kachanganyikiwa, au kusema kwamba niliyechanganyikiwa ni mimi. Nikachagua ya pili, na hadi leo naona kuwa ufundi wote wa kufasiri maandishi ya kale umo katika uchaguzi huo mdogo.

Kidaka kingine hakimo shambani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, ukuta wa chumba cha ndani ulipambwa kwa vishubaka vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, safu juu ya safu, na humo matajiri walipanga vyombo vyao vya kaure. Hivyo navyo ni vidaka. Nilipolijua hilo, ubeti ulifunguka: pale palipokaa sahani za thamani sasa pamelala wana wa ndege. Nyumba haikubomoka tu, ilibadilisha wapangaji. Nikalazimika kurudi mwanzo na kusoma upya kila kitu, kwa sababu shairi nililodhani linazungumzia mashamba lilikuwa linazungumzia kuta.

Wanafalsafa wa Kijerumani wana jina la mwendo huo: duara la ufasiri. Friedrich Ast aliueleza mwaka 1808 alipoandika juu ya usomaji wa Wagiriki na Warumi wa kale: sehemu hueleweka kwa kuitazama nzima, na nzima hueleweka kwa kupitia sehemu. Mtu akilisikia hilo haraka atadhani ni kama mbwa anayefukuza mkia wake. Ikiwa siwezi kuelewa neno bila ubeti, wala ubeti bila neno, nitaanzia wapi? Jibu ni kwamba hakuna anayeanza mikono mitupu. Unaanza na dhana. Unalikisia shairi zima kabla hujalimaliza, kisha kila neno linakuja ama kukuunga mkono ama kukupinga. Nilianza na minazi, makinda wakanipinga. Mzunguko wa pili haukupita mahali palepale pa ule wa kwanza.

Waliosoma miswada ya zamani waliujua mzunguko huu vidoleni kabla ya kuusikia kwa jina, kwa sababu hati yenyewe iliwalazimisha. Kiswahili cha kale kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko huo wa mazoea ulikuwa na alama tatu tu za irabu. Alama moja ilibeba i na e, nyingine ikabeba u na o. Herufi ya ba ilitumika kwa b, na mara nyingi pia kwa p na kwa mb. Kwa hiyo maandishi yaleyale yanaweza kusomwa bibi, yanaweza kusomwa pembe, na mwenye haraka akasoma pipi. Karatasi haikuambii ni lipi. Linalokuambia ni jirani yake: kama kitenzi kinachofuata kina upatanisho wa mtu, umepata bibi; kama kina upatanisho wa kitu, huenda una jino la ndovu. Vina navyo ni mashahidi. Katika Al-Inkishafi mistari mitatu ya kwanza ya kila ubeti huchangia kina kimoja, na wa nne humalizia kwa kina kinachorudi shairi zima. Msomaji anayesitasita kati ya e na i mwishoni mwa mstari huiuliza mistari jirani.

Ndiyo maana ninamheshimu mtu kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia tenzi nyingi wataalamu wa Ulaya, akiwamo William Hichens. Yeye hakuwa akichora herufi tu. Ili anakili sawasawa ilimbidi aelewe, na ili aelewe ilimbidi awe ameishi na tenzi hizo masikioni. Nzima alikuwa nayo kichwani tayari, ndipo sehemu zikamtii.

Lakini duara hili lina jambo moja lisilolieleza. Hata nikisoma kila neno sawasawa, mimi si mtu wa Pate. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga shairi lake, kama wataalamu wengi wanavyokadiria, kati ya 1810 na 1820, wakati utukufu wa Pate ulipokuwa ukizama. Mimi nimekulia katika nchi yenye rais na bunge. Kati yangu na yeye kuna miaka mia mbili. Je, nijifanye haipo?

Hans-Georg Gadamer, katika kitabu chake cha 1960 kuhusu ukweli na mbinu, alisema kwamba haiwezekani, na wala hakuna haja. Kila mtu husimama mahali, na mahali hapo pana upeo: yale yote yanayoonekana kutoka hapo. Andiko la kale nalo lina upeo wake. Kuelewa si kuuvua upeo wangu mlangoni kama viatu, kisha niingie peku katika zama za mwenzangu. Ni kuzikutanisha peo mbili hadi nione kitu ambacho nisingekiona nikiwa peke yangu. Na dhana nilizokuja nazo, anazoziita hukumu za awali, si uchafu wa kufagiwa wote. Zipo zinazopofusha, kama minazi yangu, na zipo zinazofungua macho. Kazi ni kuzitenganisha, nazo hutengana kwa kusoma tu.

Tazama shairi hili lilivyobatizwa. Jina lake la Kiarabu lina maana ya kufunuliwa. Mmishenari W. E. Taylor alipolitafsiri, katika kitabu cha Stigand cha 1915, aliliita kwa Kilatini kioo cha dunia, kwa jina linalokumbusha vitabu vya Ulaya ya kale. Hichens, 1939, aliliita mwamko wa roho. James de Vere Allen, 1977, akachagua neno la mafundisho ya maswali na majibu, kwa kuwa mshairi anauhoji moyo wake mwenyewe. Kila mmoja alisimama kwake akatazama, na hakuna aliyeota ndoto: dunia imo, mwamko umo, maswali yamo. Majina hayo nayo yamekuwa sehemu ya upeo wangu. Nikilifungua shairi leo silikuti likiwa uchi. Nalikuta limevaa usomaji wa waliotangulia.

Je, basi kila mtu aseme apendavyo? Hapana, na hapa nitoe mfano wa usomaji wangu ili msomaji aupime. Mwishoni mshairi anataja majina ya moto, likiwamo Hutama. Kwa muda mrefu nililipita kama jina miongoni mwa majina. Baadaye nikazingatia kwamba katika Kurani jina hilo limo katika sura moja tu, ya 104, inayomsema mtu aliyekusanya mali akawa anaihesabu, akidhani itamfanya adumu. Yaani Hutama ni moto unaohusu watu walewale wenye vidaka! Zaidi ya hapo, mzizi wa neno katika Kiarabu ni kuvunjavunja, na kutoka mzizi huohuo hupatikana neno la vifusi na mabaki, ambalo Waarabu hulitumia pia kwa mali ya dunia ipitayo. Kuta zilizovunjika katikati ya shairi zikashikana mkono na moto uvunjao mwishoni mwake.

Sasa niupime. Sehemu ya kwanza inasimama imara: mshairi alikuwa mtu wa elimu ya dini, na ni vigumu kuamini kuwa alilitaja Hutama bila sura yake kumjia. Sehemu ya pili, ile ya vifusi, naishika kwa vidole viwili. Lugha inairuhusu na shairi haliikatai, lakini silioni likiidai. Kuna tofauti kati ya maana ambayo andiko linaisukuma na ile linayoivumilia tu. E. D. Hirsch, aliyempinga Gadamer katika kitabu chake cha 1967, alihofia hasa kwamba tukizichanganya peo hatutajua tena kipi alisema mwandishi na kipi tumekiongeza sisi. Hofu yake ni ya haki. Dawa yake ni kuonyesha mahali mpaka unapopita, kama nilivyofanya hapa.

Lipo swali jingine ambalo ni la zama zetu. Shairi linawaonyesha matajiri wakiwa vitandani, wakikandwa na kuimbiwa walale. Msomaji wa leo huuliza: hao waliokuwa wakikanda ni nani? Pate ilikuwa na watumwa. Mshairi analia kwa ajili ya waliolala. Kwa waliokanda hasimami. Si haki nimwekee kinywani huruma ambayo hakuitamka. Lakini si haki pia ninyamaze, kwa sababu mikono ile imo katika ubeti, ameiweka yeye mwenyewe. Upeo wangu haukuiunda, umeimulika tu. Na shairi linaponijibu kwa kunigeuzia swali, kwamba na mimi usingizi wangu unalindwa na mikono ya nani, hapo ndipo ninapojua kuwa peo zimekutana. Andiko linalojibu tu nilichotaka kusikia bado sijalisoma.

Basi ukisoma andiko la kale, kisia kwa penseli, na usikifute kisio chako cha kwanza. Pembeni mwa nakala yangu bado pameandikwa "nazi changa", na chini yake "shubaka". Mstari kati ya maneno hayo mawili ndiyo elimu yote niliyoipata siku ile.