Sentensi nne kwa wakala wa ajira

Rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam ni mhasibu mwenye CPA na miaka kumi na miwili kazini. Anaongoza idara ya fedha yenye watu saba. Majuzi wakala wa ajira alimwandikia LinkedIn: "Habari dada, nimevutiwa na wasifu wako. Tuna nafasi ya mhasibu msaidizi, uzoefu wa miaka miwili, ataripoti kwa mhasibu mkuu."

Jibu la kwanza alilotaka kutuma lilikuwa "Kaka, huo wasifu umeusoma kweli?" Akalifuta, akatuma hili:

"Habari za mchana, kaka, na asante kwa kunifikiria. Nafasi hii naona inamfaa mtu wa miaka miwili mitatu kazini, na kwa sasa mimi naongoza idara ya fedha. Ukipata nafasi ya mkuu wa fedha, Dar au Arusha, nitafurahi tuongee. Nakutakia kila la heri kumpata mtu."

Kazi kubwa imefanywa na sentensi ya pili. Inapima nafasi, haimpimi wakala, halafu inataja cheo cha dada kama habari tu. Angeandika "nafasi hii iko chini yangu", maana ingekuwa ileile, ila kaka wa watu angejiona amekaripiwa. Ya tatu inampa maneno ya kutafutia: cheo na mji. Wengi wetu hapo tungeandika "labda baadaye", na baada ya miezi mitatu tungeletewa nafasi ileile. Mshahara hakuugusa, na nadhani alifanya sawa, maana ukiutaja kwenye nafasi usiyoitaka, jibu linasomeka kama ombi la kuongezewa dau.

Kilichomruhusu kukataa moja kwa moja ni yale maneno "ataripoti kwa mhasibu mkuu". Yasingekuwepo, ningemshauri aulize kwanza: nafasi inaripoti kwa nani, na ina watu wangapi chini yake? Vyeo hudanganya. Kwenye kampuni ndogo "mhasibu" anaweza kuwa ndiye idara nzima ya fedha, na kwenye mashirika ya kimataifa kuna "afisa" anayelipwa zaidi kuliko meneja wa jirani.

Kukataa nako kuna faida kwa wakala. Akitumia InMail, ule ujumbe wa kulipia wa LinkedIn, ukijibiwa ndani ya siku 90 anarudishiwa salio lake, hata jibu likiwa hapana. Anayenyimwa salio ni yule aliyenyamaziwa.

Baadaye dada alifungua wasifu wake akaona pale juu kabisa, chini ya jina, pameandikwa "Mhasibu" basi. Mtu akitafuta neno hilo, ni rahisi aangukie kwake. Akabadilisha: "Mkuu wa Idara ya Fedha, CPA."

Wakala alijibu jioni: je, anamjua kijana anayefaa? Alimjua, lakini alimpigia kijana kwanza kumuuliza kama namba yake itolewe.