Ukuta Ndani ya Kichakataji: Bado Unamwamini Nani?

Programu ya kutumiana ujumbe inapowekwa kwenye simu mpya, hutaka kujua mapema ni nani kati ya watu waliomo kwenye orodha ya namba za mteja anayeitumia pia. Njia nyepesi ni kupeleka namba zote kwenye seva zikalinganishwe na za wateja waliosajiliwa, lakini kwa njia hiyo mwenye seva anapata ramani ya nani anamfahamu nani. Baadhi ya waundaji walijaribu kukwepa tatizo hilo kwa kupeleka heshi za namba badala ya namba zenyewe. Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini kinga hiyo ni dhaifu. Namba ya simu ya mkononi ya Kenya, ukishatoa 254, huanza na 7 au 1 kisha hufuatwa na tarakimu nane. Kwa hiyo namba zinazowezekana hazizidi milioni 200, nyingine hata hazijatolewa. Kadi nzuri ya grafiki hukokotoa zaidi ya heshi bilioni moja za SHA-256 kwa sekunde. Nchi nzima inageuzwa kuwa jedwali kabla hujamaliza kuvuta pumzi, na kila heshi inarudishwa kuwa namba yake.

Hilo ndilo tatizo ambalo Signal ililipeleka kwenye enklevu mwezi Septemba 2017. Enklevu ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo kichakataji chenyewe huizungushia ukuta: msimbo uliomo ndani husoma data yake, lakini mfumo endeshi, msimamizi wa seva na programu nyingine zote hawaruhusiwi. Data ikitoka nje ya kichakataji kwenda kwenye vipande vya kumbukumbu, husimbwa kwa ufunguo usiotoka ndani ya kichakataji hicho. Teknolojia waliyotumia ni SGX ya Intel, iliyoingia sokoni mwaka 2015. Upya wake haukuwa katika usimbaji. Ulikuwa katika aina ya adui anayekusudiwa. Ulinzi wa kawaida wa seva humzuia mgeni asiingie, ilhali enklevu inamhesabu mwenye seva kuwa adui. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni mfumo endeshi.

Hata hivyo ukuta huo una nafasi ambayo usimbaji hauzibi. Mfumo endeshi hauoni kilichoandikwa kwenye kumbukumbu ya enklevu, lakini unaweza kuona ni ukurasa upi wa kumbukumbu unaoguswa na kwa mpangilio gani. Tuseme enklevu inachukua namba ya rafiki wa mteja na kwenda moja kwa moja mahali namba hiyo ilipohifadhiwa kwenye jedwali la waliosajiliwa. Mwenye seva, ambaye ndiye aliyeijaza orodha hiyo, anajua kila mahali pana namba ipi. Hana haja ya kuvunja usimbaji wowote, kuangalia mguso kunamtosha. Ndiyo maana Signal waliigeuza kazi yenyewe. Enklevu ilipokea namba za wateja kadhaa kwa pamoja, ikazipanga kwenye jedwali dogo kwa hatua zisizobadilika kulingana na namba zenyewe, kisha ikaipitia orodha yote ya waliosajiliwa toka mwanzo hadi mwisho. Aliye nje huona kila kitu kikiguswa kwa namna ileile, na hivyo hajifunzi kitu. Gharama ilikuwa kubwa, kwa sababu kulijibu swali la watu wachache kulidai kuwasoma wote. Mwaka 2022 walihamia mbinu iitwayo Path ORAM, ambayo baada ya kila usomaji huhamisha kipande kilichosomwa hadi mahali pengine palipochaguliwa kwa bahati nasibu. Funzo ni kwamba kichakataji peke yake hakimlindi mteja. Mwandishi wa msimbo asipojua hatari ya miguso, ukuta utasimama na siri itavuja.

Linabaki swali la msingi zaidi. Mteja aliye Mombasa au Muscat anajuaje kwamba seva ya mbali ina enklevu kweli, na si programu ya kawaida inayojifanya enklevu? Jibu ni uthibitisho wa mbali. Enklevu inapopakiwa, kichakataji hukokotoa heshi ya msimbo na data yake ya kuanzia, na thamani hiyo huitwa `MRENCLAVE`. Kisha ripoti yenye thamani hiyo hutiwa saini kwa ufunguo ambao mizizi yake inaishia kwa Intel. Programu kwenye simu hukagua mambo mawili: kwamba saini ni halali, na kwamba `MRENCLAVE` ni ileile inayoitarajia. Yakikubaliana, hufungua njia iliyosimbwa inayoishia ndani ya enklevu, na namba hupita humo. Kwa kuwa msimbo wa enklevu uko wazi, mtaalamu yeyote anaweza kuujenga upya na kuona kama unatoa thamani hiyohiyo. Mlolongo huu ni mzuri, ila una sifa moja ambayo watangazaji wa teknolojia hii huipita haraka: kila hakikisho linaning'inia kwenye ufunguo wa saini. Anayeupata ufunguo huo hahitaji kuvunja enklevu yako. Anaandika programu ya kawaida isiyo na ukuta wowote, anaitilia saini kuwa ni enklevu, na simu yako inampelekea namba kwa hiari.

Ufunguo huo umeshachukuliwa, na si mara moja. Mwezi Agosti 2018 watafiti wa vyuo kadhaa, miongoni mwao KU Leuven cha Ubelgiji, Technion cha Israeli na Chuo Kikuu cha Michigan, walitangaza shambulio la Foreshadow. Msingi wake ni kwamba data ya enklevu husimbwa inapokuwa nje ya kichakataji, lakini ndani, kwenye kache iliyo karibu kabisa na kiini, hukaa wazi. Vichakataji vya kisasa hutangulia kutekeleza amri kwa kubahatisha kabla ya kuthibitisha kama zinaruhusiwa. Mshambuliaji mwenye mamlaka juu ya mfumo endeshi alitangaza kwamba ukurasa fulani haupo. Kichakataji, kabla ya kugundua kosa, kilitangulia kufanya kazi na data iliyokuwa kwenye kache. Jibu lilifutwa, lakini alama yake ilibaki katika muda wa kusoma kumbukumbu, na kwa kupima muda huo siri ilisomwa baiti kwa baiti. Watafiti hao walifika hadi kwenye enklevu ya Intel inayotia saini ripoti na kuutoa ufunguo wake. Mfumo wa saini wa wakati huo ulikusudiwa kuficha ni mashine ipi iliyosaini, kwa hiyo mpokeaji hakuweza kutambua saini ya mashine iliyovunjwa kati ya nyingine. Intel ilitoa marekebisho na kubadilisha funguo, na mashine zisizosasishwa zikaanza kuonekana hivyo kwenye ripoti.

Pigo la karibuni lilitoka upande mwingine. SGX ya awali ilikuwa na kumbukumbu ndogo, megabaiti 128 ambazo kiasi cha 93 ndizo zilizotumika kweli, nayo ilihifadhi mti wa heshi wa kukagua kama kumbukumbu imechezewa. Seva za mwaka 2021 zilipanua nafasi hadi gigabaiti 512 kwa kila kichakataji, lakini mti huo uliachwa kwa sababu ungelemea sana. Usimbaji uliobaki hutoa matokeo yaleyale kila data ileile inapoandikwa mahali palepale. Mwaka 2025 makundi mawili ya watafiti yaliutumia mwanya huo kwa kuchomeka kifaa kati ya ubao mama na kumbukumbu. Shambulio la WireTap lilitumia vifaa vya chini ya dola 1,000 kusikiliza tu, likatoa ufunguo wa saini. La Battering RAM lilitumia kifaa cha chini ya dola 50 kupotosha anwani za kumbukumbu. Intel ilijibu kwamba mashambulizi ya kushika mashine kwa mkono yako nje ya yale iliyoahidi kuyazuia. Jibu hilo ni la kweli, na linapaswa kusomwa polepole: mtengenezaji mwenyewe anasema kwamba lazima umwamini anayeingia kwenye chumba cha seva.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya maabara, na kwamba hakuna mhalifu atakayehangaika hivyo. Mtandao wa blokicheni wa Secret Network unatoa jibu. Humo yeyote aliruhusiwa kuleta mashine yake, mradi iwe na SGX, na kila enklevu ilipewa mbegu ileile ya siri inayofungua miamala yote. Mwaka 2022 udhaifu uitwao ÆPIC ulipotangazwa, watafiti walijiunga kama washiriki wa kawaida na kuitoa mbegu hiyo kwenye mashine yao wenyewe. Hawakuvamia chumba cha mtu. Muundo wenyewe ulimkabidhi mshambuliaji ufunguo na mashine kwa pamoja, na mashine moja tu ilitosha kufungua siri za wote, zikiwemo za tangu mwanzo wa mtandao.

Wengine watauliza upande wa pili: kama ukuta unavunjika hivi, kwa nini usiachwe? Hapo tulinganishe kesi hizi mbili. Enklevu ya Signal ikivunjwa, mteja anarudi alipokuwa kabla ya 2017: anamtegemea mwenye seva asichungulie. Hasara ni ya kweli, lakini ujumbe wenyewe haufunguki, kwa kuwa unalindwa na funguo zilizo kwenye simu. Tena mwenye seva anayetaka kudanganya sasa hawezi kubadilisha mstari mmoja wa msimbo kimyakimya, kwa sababu `MRENCLAVE` ingebadilika. Inambidi avunje kichakataji, kazi inayohitaji watu, muda na vifaa. Kwa Secret Network ukuta ulikuwa mmoja, na ulipoanguka hapakuwa na pa kurudi. Teknolojia ni ileile, ila mmoja aliiongeza juu ya ulinzi uliokuwepo, mwingine aliiweka mahali pa ulinzi wenyewe.

Kazi ya hivi karibuni inaonyesha mwelekeo wenye busara zaidi. Mwaka 2024 wahandisi wa Signal pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza mfumo wa SVR3 wa kurejesha ufunguo wa mteja aliyepoteza simu. Siri hugawanywa kati ya enklevu za aina tatu, yaani SGX ya Intel, SEV-SNP ya AMD na Nitro ya Amazon, zilizo kwenye makampuni tofauti ya wingu. Anayetaka kuiiba kwa kuvunja kuta inambidi azivunje zote tatu. Mfumo huo haudai kwamba hakuna wa kuaminiwa. Unakubali kwamba kila mmoja anaweza kuanguka, na unapanga wasianguke pamoja.

Kwa hiyo taasisi inapotangaza kwamba data za wateja wake zinachakatwa ndani ya enklevu, tangazo hilo halijamaliza hoja. Iulizwe ni nani anayekagua msimbo na kuujenga upya, ni nani mwenye mashine mkononi, na mashine moja ikivunjwa ni siri za wangapi zitafunguka. Majibu yakiwa ni kampuni ileile kwa maswali mawili ya kwanza, na wateja wote kwa la tatu, ukuta wa kichakataji unaweza kuwa mzima kabisa na mteja bado akawa anategemea neno la mwenye seva.