Pampu Iliyoshinda kwa Kukatiwa Miaka

Jumuiya ya maji ya kijiji imelinganisha pampu mbili kwenye jedwali, na mshindi ni pampu ya bei nafuu, kwa thamani ya sasa ya gharama ya shilingi milioni 13.5 dhidi ya milioni 19.7 za mwenzake. Uamuzi huo ni kosa, na kosa lote liko kwenye mstari mmoja.

Mapato yaliachwa nje, na ndivyo inavyopaswa, kwa kuwa pampu zote mbili zinapandisha mita za ujazo 10 kwa saa hadi mita 60, saa 8 kwa siku.

Tuje kwenye mstari wenyewe. Pampu nafuu inauzwa milioni 4, inakula umeme wa milioni 3 kwa mwaka na inadumu miaka 4. Ghali inauzwa milioni 9, lakini ufanisi wake ni asilimia 60 badala ya 40, kwa hiyo umeme wake ni milioni 2, na inadumu miaka 8. Kwa punguzo la asilimia 10, mkokotoaji alizidisha umeme wa ile nafuu kwa 3.17 na wa ile ghali kwa 5.33, akaongeza bei ya kununulia, kisha akachagua jumla ndogo. Amelinganisha maji ya miaka 4 na maji ya miaka 8! Jumla ya pampu nafuu ni ndogo kwa sababu bili zake zimekoma mwaka wa nne, na kijiji kitahitaji maji mwaka wa tano pia.

Eugene Grant alichapisha kitabu chake cha uchumi wa kihandisi mwaka 1930, na wahandisi waliosomea humo, wenye majedwali ya riba ya karatasi, walianza kwa kuuliza huduma inahitajika miaka mingapi. Leo kompyuta inatoa jibu kabla swali hilo halijaulizwa.

Inunueni pampu nafuu mara ya pili mwishoni mwa mwaka wa nne. Milioni 13.5 za awamu hiyo, zikirudishwa leo, ni milioni 9.2, na jumla ya miaka 8 inakuwa milioni 22.7. Pampu ghali inashinda kwa milioni 3. Ukipenda kwa mwaka, gawanya kila jumla kwa kizidisho chake: nafuu milioni 4.26, ghali milioni 3.69. Nimeshapigia kelele zabuni zinazoamuliwa kwa bei ya dukani. Hii ni ile ile, imevalishwa hesabu.

Kama kisima kingefungwa baada ya miaka 4, muda huo ungefaa kwa pampu zote mbili. Hapo ghali inafika milioni 15.3, na ili ishinde ingepaswa kuuzwa ikiwa imetumika kwa zaidi ya milioni 2.7. Ila kwenye jedwali lile hakuna aliyeandika kwamba kisima kitafungwa.