Barua ya Kusahihisha Ankara Iliyozidi Nukuu ya Bei

Mkandarasi mmoja wa Tanga aliagiza saruji, nondo na mabati kwa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi, na ankara ilipomfikia ikawa inadai shilingi 22,231,200, ilhali nukuu ya bei waliyoafikiana ilikoma kwenye shilingi 21,664,800. Barua aliyomwandikia muuzaji kuhusu ile ziada ya shilingi 566,400 haikuzidi ukurasa mmoja, lakini imepangwa kwa namna ambayo karani wa upande wa pili aliweza kuifuata mstari kwa mstari akiwa na daftari lake mbele yake, bila ya kulazimika kuuliza neno. Hiyo ndiyo sifa yake, na muradi wa makala haya ni kuonyesha ilivyopatikana.

Barua haikuanza na malalamiko, bali na hati. Chini ya kichwa "YAH: Tofauti ya bei kati ya nukuu na ankara" mwandishi alizitaja hati nne, kila moja kwa namba na tarehe yake: nukuu ya bei ya tarehe 3 Machi, iliyosema kwamba bei zitadumu kwa siku 30, oda ya ununuzi ya tarehe 20 Machi, hati ya makabidhiano iliyotiwa sahihi ghalani tarehe 9 Aprili, na ankara ya tarehe 11 Aprili. Mpangilio huu si wa adabu ya kiofisi tu. Nukuu peke yake ni ahadi ya upande mmoja, na kinachoifanya kuwa mapatano ni oda iliyoipokea ingali hai. Kwa hiyo zile tarehe mbili za Machi, zikiwekwa pamoja, zilitosha kuithibitisha haki ya mnunuzi kabla hata ya tarakimu ya kwanza kuandikwa. Muuzaji angeweza kujibu kwamba kiwanda kilipandisha bei ya saruji mwanzoni mwa Aprili, na huenda akawa mkweli. Walakini bei iliyofungwa Machi haifunguliwi na mabadiliko ya Aprili, isipokuwa nukuu yenyewe iwe imeweka sharti hilo.

Hati ya makabidhiano nayo ilitajwa kwa sababu yake mahususi, yaani kuonyesha kwamba idadi haina ugomvi. Mali yote iliyoagizwa ilifika kamili, na mwandishi aliliungama jambo hilo waziwazi, ili msomaji ajue kuwa shauri lililobaki ni la bei peke yake. Barua inayochanganya mifuko iliyopungua na bei iliyozidi humlazimisha karani aende kwanza kwa mtunza ghala, na huko shauri hulala kwa majuma.

Kisha zikafuata hesabu, zote kabla ya kodi ya ongezeko la thamani:

| Bidhaa | Idadi | Bei ya nukuu | Bei ya ankara | Tofauti (sh.) |
|---|---|---|---|---|
| Saruji, mfuko | 400 | 16,500 | 17,300 | +320,000 |
| Nondo, kipande | 250 | 24,000 | 24,000 | 0 |
| Bati, kipande | 180 | 32,000 | 31,500 | −90,000 |
| Usafiri | – | umo katika bei | 250,000 | +250,000 |
| Jumla kabla ya VAT | | 18,360,000 | 18,840,000 | +480,000 |
| VAT, asilimia 18 | | 3,304,800 | 3,391,200 | +86,400 |
| Jumla kuu | | 21,664,800 | 22,231,200 | +566,400 |

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Nukuu za vifaa vya ujenzi aghalabu huonyesha bei ya kila kipande bila VAT, ilhali ankara nyingine huionyesha pamoja nayo. Na mnunuzi aliyeshika 16,500 mkono mmoja na 20,414 mkono wa pili hudhani ameongezewa karibu shilingi 4,000 kwa kila mfuko. Kumbe 20,414 ni 17,300 iliyotiwa kodi, na ile 16,500 nayo ikitiwa kodi hufika 19,470. Tofauti ya haki ni shilingi 800 kabla ya kodi, au 944 pamoja nayo. Dai lililokosea hapa huanguka lote, hata sehemu yake iliyo ya kweli, kwa maana muuzaji akishaliona kosa moja katika hesabu ya mdai huwa hana haja ya kuzitazama zilizobaki.

Mstari wa mabati wastahili kutazamwa peke yake. Muuzaji alikuwa amekosea kwa hasara yake mwenyewe, akamtoza mnunuzi shilingi 500 pungufu kwa kila bati, na mwandishi angeweza kunyamaza akadai 570,000 za saruji na usafiri, kabla ya kodi. Hakunyamaza. Fauka ya insafu, kulikuwa na hekima ya kihesabu: ombi lake lilikuwa kwamba ankara irudishwe kwenye nukuu, na anayeomba hivyo hawezi kuchagua mistari. Tena, karani akizipitia bei zote angeigundua ile 31,500, na barua ingegeuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyeiandika.

Kuhusu usafiri, barua haikubishana juu ya gharama ya lori, bali ilinakili maneno ya nukuu yenyewe, "bei ni pamoja na kufikisha mali ghalani kwa mnunuzi", ikaonyesha kuwa ile 250,000 haina mahali pa kukaa.

Ombi la mwisho liliandikwa hivi: "Tunakuombeni mtupatie krediti noti ya shilingi 566,400, ikiwa ni shilingi 480,000 za mali na usafiri na shilingi 86,400 za kodi. Shilingi 21,664,800 zilizo sahihi tutazilipa kwa tarehe yake kama tulivyoafikiana." Sentensi ya pili humwondolea muuzaji dhana kwamba tofauti imetafutwa ili malipo yacheleweshwe. Ile ya kwanza yazuia desturi mbaya ya kulipa pungufu kimyakimya. Maana ankara isiyorekebishwa kwa hati husalia vitabuni mwa muuzaji kama ilivyo, na salio lake huibuka katika taarifa ya mwezi ujao likiitwa deni, wakati ambapo huenda karani aliyelijua shauri amekwisha hamishwa. Na madhali kodi imo ndani ya hesabu, muuzaji naye huihitaji hati hiyo ili asije akahesabiwa kodi ya mauzo ambayo hakuyafanya.

Lakini barua hii ina mpaka wake. Lau oda ingetoka tarehe 10 Aprili, nukuu ikiwa imekwisha muda, au lau nukuu ingesema kuwa bei ya saruji itafuata bei ya kiwanda siku ya kupakia, mnunuzi asingekuwa na dai juu ya zile 800 bali ombi tu, na lugha ya barua ingepaswa kubadilika kwa kadiri hiyo. Dai la usafiri nalo lingehitaji kupimwa upya, kwa kuwa lilisimama juu ya maneno ya nukuu ileile.

Krediti noti ikija, isipokelewe kwa kutazama jumla pekee. Kosa la kawaida ni kuandikwa kwa shilingi 480,000, kodi ikisahauliwa. Hapo 86,400 hubaki kama deni lisilo na mali nyuma yake, na anayelinganisha hati hiyo na jedwali la barua hulitambua siku ileile.