Barua Pepe ya Mpangaji Kuhusu Maji Yanayorudi Kuvuja

Barua pepe kuhusu maji yanayovuja ni nzuri ikiwa meneja wa nyumba, akishaisoma, anaweza kumtuma fundi bomba mahali hasa penye kasoro bila kumpigia mpangaji simu. Maji yakirudi baada ya kutengenezwa, barua hubeba mzigo wa ziada: ionyeshe kwamba kazi ya kwanza haikufika kwenye chanzo.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba viwili katika jengo la ghorofa Kitengela, kaunti ya Kajiado. Rasimu ya kwanza ya mpangaji ilikuwa hivi:

"Maji yanavuja tena bafuni. Nimelalamika mara nyingi na hakuna kinachofanyika. Tafadhali shughulikia haraka."

Maneno "tena", "mara nyingi" na "haraka" ndiyo yanayobeba uzito wote, na hakuna hata moja linaloweza kuhakikishwa. Kosa kubwa zaidi ni "hakuna kinachofanyika". Fundi alikuja mara moja, na meneja anajua alimlipa. Akifika kwenye sentensi hiyo, ana sababu ya kuitilia shaka barua nzima. Isitoshe, ziara ile ya fundi ndiyo ushahidi bora wa mpangaji, naye ameificha.

Barua iliyorekebishwa ina kichwa "Nyumba B7: maji yavuja bafuni mara ya tatu, matengenezo kufikia 30 Aprili 2025", kisha inaendelea:

"Tarehe 9 Machi 2025 maji yalidondoka kutoka dari ya bafu, nikampigia mtunza jengo siku hiyo hiyo. Tarehe 14 Machi fundi alijaza saruji nyeupe kati ya vigae vya bafu la juu na kupaka rangi dari yangu. Tarehe 2 Aprili maji yalidondoka tena palepale, nikatuma picha. Leo, 23 Aprili, ni mara ya tatu. Huanza dakika chache baada ya watu wa juu kuoga, hata siku zisizo na mvua, kisha hukoma. Naomba bomba la maji machafu la bafu hilo likaguliwe kabla ya kupaka chochote, na kazi ikamilike kufikia Jumatano, 30 Aprili, saa 11 jioni. Jumamosi tarehe 26 nitakuwepo kuanzia saa 3 asubuhi. Picha za siku zote tatu nimeziambatisha."

Sentensi yenye thamani kubwa kuliko zote ni ile ya watu wa juu kuoga. Bomba la maji safi lenye presha hudondosha usiku na mchana. Paa hufuata mvua. Bomba la maji machafu au sakafu ya bafu hufuata matumizi. Aprili ni msimu wa masika Kajiado, na meneja angeweza kusingizia mvua, ila maneno "hata siku zisizo na mvua" yameziba mwanya huo. Saruji kati ya vigae haiwezi kuziba kiungo cha bomba kilichoachia chini yake, na huenda ndiyo maana baada ya siku 19 maji yalirudi palepale.

Hata hivyo mpangaji ameomba ukaguzi, hakutangaza chanzo, na hapo amefanya vyema. Ukitazama kutoka chini, bomba lililoachia na sakafu inayopitisha maji huacha doa linalofanana. Fundi hutofautisha kwa kumimina ndoo ya maji moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji bila kulowesha sakafu. Dari ikidondosha, kasoro iko kwenye bomba.

Tarehe ya mwisho nayo ina ufundi wake. "Ndani ya siku saba" huzua swali la siku saba tangu lini, ilhali siku, tarehe na saa hazizui. Jumatano hiyo imechaguliwa pia kwa sababu kesho yake, 1 Mei, ni Siku ya Wafanyakazi.

Vitisho vya kutolipa kodi huidhoofisha barua, kwani hugeuza shauri la bomba kuwa shauri la deni. Kinachofaa ni sentensi moja tulivu inayotaja kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, kinachomtaka mwenye nyumba aitunze ibaki ikifaa kukaliwa. Kutaja Sheria ya Kudhibiti Kodi, kwa upande mwingine, huonyesha kwamba mwandishi hajaisoma: inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba ya vyumba viwili Kitengela imeshapita kiwango hicho mbali.

Mawasiliano yote yanayofuata huandikwa kama majibu ya barua hiyo hiyo, ili tarehe zikae chini ya kichwa kimoja. Fundi akishamaliza, mpangaji huongeza mstari mmoja: tarehe ya kazi, kilichobadilishwa, na kama dari ilibaki kavu watu wa juu walipooga.