Goma inabeba wanunuzi wangapi wa kasiteriti?

Tarehe 11 Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Marufuku hiyo iliondolewa Machi 2011, lakini kuanzia Aprili viwanda vingi vya kuyeyusha bati vilikataa mzigo usio na vyeti vya asili. Kasiteriti ya Bisie, wilayani Walikale, iliyokuwa ikisafirishwa kwa ndege ndogo kutoka barabara ya lami ya Kilambo hadi Goma, ikakosa soko lake la kawaida. Misukosuko ya namna hii hupunguza idadi ya nyumba za kununua madini. Swali la mchambuzi ni hili: zimepungua kwa sababu gani?

Tuanze na hesabu ya idadi yenyewe. Bei ya bati hupangwa London, na hakuna mnunuzi wa Goma anayeweza kuigeuza. Anachoamua yeye ni tani ngapi achukue. Wanunuzi wote wakichukua zaidi, wachuuzi wanaoleta mzigo kutoka Walikale na Masisi hupandisha bei. Huu ni ushindani wa kiasi, uliochambuliwa na Mfaransa Antoine Augustin Cournot mwaka 1838, ila hapa unafanyika upande wa kununua.

Tuchukue mfano wa tarakimu za kubuni. Baada ya usafiri na kodi, tani moja inamletea mnunuzi dola 10,000. Bei ya kumnunulia mchuuzi ni dola 4,000, na huongezeka dola 10 kwa kila tani inayonunuliwa sokoni kwa mwezi. Mwanya wa kuanzia, M, basi ni 6,000, na mwinuko wa bei, b, ni 10. Kila nyumba inalipa gharama isiyobadilika F ya dola 36,000 kwa mwezi: leseni, ghala, wapimaji na walinzi, hata isiponunua kilo moja.

Kila mnunuzi huongeza tani hadi pale ambapo faida ya tani moja zaidi inaliwa na bei anayojipandishia mwenyewe. Nyumba zikiwa n zinazofanana, kila moja huchukua q:

```
q = M / (b(n+1))
faida = M² / (b(n+1)²) − F
```

Leseni ikiwa wazi kwa yeyote, wapya huingia mpaka faida iwe sifuri:

```
n = M / √(bF) − 1
```

Katika mfano wetu n ni 9. Kila nyumba inanunua tani 60, jumla 540, na mchuuzi anapata dola 9,400 kwa tani. Mwanya uliobaki ni dola 600. Zidisha kwa tani 60 upate 36,000, sawa kabisa na F. Nyumba ya kumi ingezalisha takriban 29,750 tu kabla ya kulipa F, kwa hiyo haiingii. F ikiwa 40,000, kanuni hutoa 8.5 hivi, nusu ya nyumba haipo, hivyo zitabaki 8 zenye faida ndogo.

Sasa tulinganishe misukosuko miwili. Wa kwanza: masharti ya ukaguzi na nyaraka yanapandisha F mara nne, hadi 144,000. Wa pili: F haibadiliki, lakini bei ya nje inashuka na mwanya unapungua hadi 3,000. Katika hali zote mbili n ni 4. Anayehesabu nyumba tu hawezi kuzitofautisha.

Jibu liko kwenye tani za kila nyumba. Ukiweka n katika kanuni ya kwanza, q inakuwa √(F/b), M imetoweka. F ikipanda mara nne, kila aliyebaki hununua tani 120 badala ya 60, na jumla inashuka kidogo tu, hadi 480. Mwanya ukipungua nusu, aliyebaki bado ananunua 60, na jumla inaanguka hadi 240.

Ndiyo maana aina ya malipo ina uzito. Ushuru wa kizuizi cha barabarani na tozo ya lebo za iTSCI, zilizofika Rubaya, Masisi, mwaka 2014, hulipwa kwa kiasi cha mzigo, kwa hiyo hula M. Leseni na ukaguzi wa mwaka ni F.

Kipimo hiki kina mipaka. Kinahitaji nyumba zinazofanana na mlango ulio wazi. Leseni zikigawiwa kwa kujuana, waliobaki watakuwa na faida, na kanuni ya sifuri haitumiki. Mzigo ukivuka mpaka kimagendo, b nayo hubadilika, kwa kuwa mchuuzi ana mnunuzi mwingine.

Kwa hiyo, orodha ya nyumba zilizofungwa haitoshi kumlaumu mtoza ushuru wala mkaguzi. Dai pia takwimu za mzigo wa zile zilizobaki, kisha ndipo utoe hukumu.